Tundu la goti ndo la mwisho kutokea

Mimi ni fundi vigae, niko Iringa, na mtu anayetandika vigae anaishi kwa magoti. Toka asubuhi umepiga magoti juu ya zege, unarudi nyuma kigae kwa kigae, chini yako kuna vumbi la simenti na chenga za gundi zilizokauka, na hata ukiweka kipande cha godoro kama ninavyofanya mimi utasahau kukisogeza mara kibao kwa siku. Jinzi ya mtumba ikiwa nzito inanifikisha kama miezi sita hivi, halafu goti la kulia linaondoka, la kushoto linafuata. Soksi ndo usiseme. Buti za kazi zinakula kisigino, na huku kwetu mwezi wa sita na wa saba huwezi kwenda saiti asubuhi bila soksi, hiyo baridi inaingia mpaka kwenye mifupa.

Kwa hiyo nashona. Kwa mkono, jioni nikishaoga, taa ikiwepo, redio pembeni. Soksi alinifundisha bibi yangu mzaa mama, yeye alifundishwa na masista akiwa binti, na hii kazi ya kuziba tundu kwa kusuka nyuzi juu yake alikuwa anaiita kutililia, neno ambalo siku hizi nikilitaja saitini vijana wananiangalia tu. Jinzi nimejifunza mwenyewe baadae, kwa kuharibu kadhaa.

Kitu ambacho bibi alikuwa anakirudia kila nikishika sindano ni hiki: "Mjukuu wangu, acha kuangalia tundu, angalia pembeni yake." Nilikuwa sielewi kabisa. Tundu si ndo tatizo? Nimekuja kuelewa nikiwa mtu mzima, nimeshona goti nikakaza vizuri kabisa, likafuliwa mara mbili, mara ya tatu kiraka kiko pale pale na uzi wangu uko mzima lakini kitambaa cha jinzi kimeachia kuzunguka kiraka chote, yaani sasa tundu limekuwa kubwa kuliko mwanzo. Kumbe nguo haitoboki pale tu panapoonekana tundu. Inalika eneo zima, taratibu, na tundu linatokea mwishoni pale katikati palipolika zaidi. Sasa ukishona ukingoni mwa tundu umeshika nyuzi ambazo zenyewe ziko njiani kukatika, tena umezitoboa na sindano, umezisaidia kufa.

Ngoja nianze na soksi, maana ndo nyepesi na ukiielewa hiyo jinzi utaielewa yenyewe.

Nachukua soksi iliyofuliwa na kukauka, naingiza kitu cha mviringo ndani pale kwenye kisigino. Bibi alikuwa na balbu ya kioo iliyoungua, mimi natumia balbu ya taa za siku hizi ambazo kichwa chake ni plastiki, ni laini, sindano inateleza juu yake na haivunjiki ukibonyeza. Kazi ya balbu ni kuifanya soksi ikae na umbo la mguu. Ukishona soksi ikiwa imelala bapa mezani utamaliza vizuri halafu ukivaa inavuta, kwa sababu kisigino sio bapa. Ila usiinyooshe sana juu ya balbu pia, ikae tu kama ilivyo, ukiinyoosha ukaja kuitoa panakunjamana.

Uzi nao una mambo yake. Uzi wa cherehani peke yake ni mwembamba sana na mgumu kwa soksi, unakata. Mimi natumia uzi wa kudarizi wa pamba, ule unaouzwa kwenye vifundo vidogo. Huo ukiuangalia vizuri una nyuzi ndogo sita zimelala pamoja, unazitenganisha unachukua tatu kwa soksi ya kawaida, au zote sita kama ni soksi nene ya buti. Usipige fundo. Hili nalisema kwa uchungu maana fundo moja dogo chini ya kisigino ndani ya buti kwa siku nzima linatoa lengelenge. Unaacha tu mkia wa uzi kama urefu wa kidole, mwishoni unaupenyeza kwenye mishono.

Sasa pembeni ya tundu. Soksi iliyo juu ya balbu utaona yenyewe, kuna sehemu nyeupe ya balbu inaonekana kupitia kwenye soksi hata kabla hujafika kwenye tundu, hapo ndo palipolika. Nenda mpaka soksi inapokuwa nene tena, anzia hapo, mara nyingi ni sentimita moja na nusu au mbili nje ya tundu. Piga mishono midogo ya kupanda na kushuka, juu chini juu chini, mstari unaenda mpaka upande wa pili kwenye soksi nzima, unageuka unarudi pembeni yake, karibu karibu, nafasi kati ya mstari na mstari iwe kama unene wa uzi wenyewe. Ukifika kwenye tundu uzi unapita hewani moja kwa moja, unakamata ng'ambo. Kila unapogeuka acha kijitanzi kidogo, usikaze mpaka mwisho, kwa sababu soksi inavutika na uzi wa pamba ukifuliwa unasinyaa kidogo, hicho kijitanzi ndo akiba yake. Na mistari isiishie yote sehemu moja, mmoja urefu huu mwingine uzidi kidogo, maana yote ikiishia kwenye laini moja hiyo laini ndo itachanika.

Hapo una nyuzi zimesimama kama kamba za kitanda cha kamba. Kama umewahi kuona mtu anafuma kwenye kitanda cha mfumi, hizo ndo mtande. Kinachobaki ni mshindio, yaani unageuza balbu robo, unaanza kupita kwa upande, juu ya uzi mmoja chini ya unaofuata, juu, chini, na mstari unaorudi unafanya kinyume chake. Ujanja wa hapa ni kupitisha sindano kwa kutanguliza tundu la uzi badala ya ncha, kwa sababu ncha inachoma katikati ya uzi na kuupasua, ule upande wa tundu ni butu unateleza tu. Kila mstari ukipita usogeze kwa ncha ukae na mwenzake. Pembeni ya tundu endelea kushika soksi nzima pande zote, sio kusuka katikati tu.

Utajuaje umekosea? Toa balbu. Kama sehemu uliyoshona imejikusanya kama mdomo wa kiroba kilichofungwa, umekaza, na hiyo sio ya kuvaa, fumua. Afadhali kufumua dakika tano kuliko kutembea nayo. Na wale wanaovuta kingo za tundu zikutane halafu wanashona kama kidonda, hapo umetengeneza tuta, na tuta ndani ya kiatu ni jiwe. Tundu la ukubwa wa sarafu ya shilingi mia linanichukua kama saa moja kasoro. Zaidi ya hapo, kama kisigino kizima kinaona mwanga, au mpira wa juu umelegea soksi inashuka yenyewe, mimi sishoni, hiyo inakuwa kitambaa cha kufutia grauti.

Haya, jinzi.

Goti lililonifundisha zaidi ni la jinzi moja ya bluu iliyokoza, nzito, ya kiume, isiyovutika, niliipenda sana hiyo suruali. Tundu lilikuwa dogo, kama sentimita mbili na nusu. Nikapeleka kwa fundi cherehani wa karibu, akaniambia, "Fundi, mguu huu mashine haiingii, goti liko katikati ya bomba, nifumue mshono wa ubavuni niweke kiraka au nikupigie zigizaga hapo hapo juu?" Nikamwambia piga tu zigizaga, fasta, nina kazi kesho. Akajitahidi kweli kuipenyeza, akapiga nenda rudi mpaka pale pakawa pagumu kama kadibodi. Sio kosa lake, nilichoomba ndo alichofanya. Baada ya wiki tatu pakachanika nusu duara kuzunguka ule ugumu. Ukiwaza inaeleweka, una sehemu moja ngumu isiyokunja na pembeni yake kitambaa kilicholika, kila ukipiga magoti mkunjo wote unahamia kwenye mpaka kati ya ngumu na laini. Panakunjika hapo hapo, mara mia kwa siku, panakatika.

Ndo nikarudi kwenye maneno ya bibi. Nikafua ile suruali kwanza, lazima, kwa sababu vumbi la simenti likibaki ndani ya kitambaa linafanya kazi ya msasa, na pia kitambaa cha kiraka lazima kiwe kimeshafuliwa kisije kikasinyaa baadae na kuvuta goti. Usiku nikaingiza simu ndani ya mguu na tochi imewaka. Aisee. Tundu lilikuwa la sentimita mbili na nusu, pamoja na pale palipochanika kama nne, lakini mwanga ulikuwa unapita kwenye eneo la sentimita kumi na moja kwa nane. Ni karibu kiganja kizima. Nikachukua kipande cha sabuni kilichobaki, kile chembamba chenye makali, nikachora kuzunguka mwanga wote. Sabuni inachora vizuri kwenye bluu na ukifua inaondoka.

Kabla ya kukata kiraka angalia tundu lenyewe kwa karibu. Utaona nyuzi nyeupe zimelala kwa upande zinavuka tundu na hazina kitu juu yake. Jinzi imefumwa kwa mtande wa bluu na mshindio mweupe, na kwa upande wa nje mtande wa bluu ndo unaojitokeza zaidi, ndo maana nje ni bluu ndani ni nyeupe nyeupe. Sasa kwa kuwa bluu ndo iko nje ndo inayosuguliwa na sakafu, inakatika mapema, nyeupe zinabaki zinaning'inia. Watu wengi wanazikata wakidhani ni uchafu. Usizikate hata moja! Hizo ni nusu ya kitambaa chako cha awali, bado ziko hai, na utazishona juu ya kiraka zikae mahali pake.

Kiraka nilikitoa kwenye jinzi nyingine iliyokufa, nyuma ya mguu chini ya goti, pale huwa hapasuguliwi na kitu kwa hiyo kitambaa kiko kizima na kimeshalainika. Usichukue jinzi mpya ngumu ukaweka chini ya jinzi iliyolika, utarudia kosa la zigizaga. Kiwe na uzito sawa au chepesi kidogo. Nilikata sentimita kumi na sita kwa kumi na tatu, yaani kimezidi ule mchoro wa sabuni kwa sentimita mbili na nusu kila upande, nyuzi za bluu za kiraka zinaelekea juu chini sawa na za suruali, na pembe zote nimezikata mviringo. Pembe kali inajikunja na ndo ya kwanza kushikwa na kidole cha mguu unapovaa suruali. Kingo sikuzikunja kwa ndani. Ukikunja pindo unapata unene wa tabaka tatu, na kwa mtu anayepiga magoti huo unene unauhisi kwenye mfupa. Nilizungushia tu uzi kwenye ukingo kwa mkono zisichambuke, kama una rafiki mwenye ovaloki akupigie, inatosha.

Geuza suruali ndani nje. Ingiza kaunta buku ndani ya mguu, lile lenye gamba gumu, likae chini ya goti. Nilishawahi kushona nusu saa nzima kumbe nimeshona mbele na nyuma ya mguu pamoja, tangu siku hiyo sigusi sindano bila hilo daftari. Laza kiraka juu ya mchoro, upande wake wa bluu ukiangalia chini kwenye tundu ili kwa nje ionekane bluu, halafu piga bandi. Bandi ni ile mishono mirefu ya kushikiza tu, kama sentimita mbili mbili, uzi mweupe ili uione wakati wa kuitoa. Anzia katikati kwenda juu, katikati kwenda chini, kisha kushoto na kulia, ndo uzunguke. Goti lililovaliwa huwa limeachia, limefanya kitumbua, ukianzia pembeni hicho kitumbua chote kitasukumwa upande mmoja kitoke mkunjo. Ukianzia katikati kinagawanyika. Ukimaliza bandi vaa, kwa uangalifu, uchuchumae. Kama kinavuta utahisi hapo hapo, toa bandi rudia.

Uzi wa goti mimi natumia wa cherehani wa kawaida, mara mbili, bluu iliyochuja kidogo maana goti lenyewe limechuja. Nakata urefu wa kutoka ncha ya kidole mpaka kwenye kiwiko, sio zaidi, uzi mrefu unajifunga na unachakaa kwa kupita kwenye kitambaa mara nyingi kabla hujaumaliza. Naupitisha kwenye mshumaa, unateleza vizuri. Kidole cha kati navaa subana, kama huna zungushia plasta, kwa sababu kusukuma sindano kwenye jinzi mbili kwa jioni nzima bila kitu utatoboka.

Mshono ni ule ule rahisi kabisa anaojua kila mtoto, ndani nje ndani nje. Kinachobadilika ni mahali pa kuanzia na kuishia. Nilianzia nje ya mchoro wa sabuni, kwenye kitambaa kizima, nikashuka kwa mstari mpaka nje ya mchoro upande wa chini, nikageuka nikarudi. Mistari inafuata juu chini kwa sababu nyuzi zilizokufa ni zile za juu chini, uzi wangu ndo unachukua kazi yao. Mshono kwa ndani kama punje ya mchele, kwa nje nusu ya hapo, ukiwa mdogo kwa nje sakafu haiupati kirahisi. Nafasi ya mstari na mstari karibu nusu sentimita, nikikaribia tundu nabananisha iwe kama milimita tatu. Kwenye tundu lenyewe nageuza suruali kidogo, nazinyoosha zile nyuzi nyeupe kwa ncha ya sindano zilale sambamba, halafu mshono unapita juu ya kila uzi mweupe unaingia kwenye kiraka. Hapo panakuwa kama panasukwa upya, na kwa nje unaona bluu ya kiraka, nyeupe za zamani, na nukta za uzi wangu. Wajapani wana kushona kwao kunaitwa sashiko, mistari ya uzi mweupe juu ya kitambaa cha bluu, wakulima na wavuvi walikuwa wanaimarishia nguo za kazi hivi hivi, wao mshono waliuacha uonekane. Mimi naupenda usionekane, ni chaguo tu.

Ukivuta uzi kila baada ya mishono minne mitano pitisha kidole gumba juu ya mstari, ulainishe. Ukiona kitambaa kinafanya mawimbi umevuta sana. Ukimaliza shona ukingo wa kiraka kwa mishono ya mbali mbali isiyobana, kisha toa bandi. Ilinichukua jioni mbili, kama saa tatu na nusu kwa jumla, goti moja.

Kuna jinzi ambazo hii haifai ilivyo, zile zinazovutika, hasa za kina dada zinazobana. Hizo kwenye mshindio kuna uzi wa mpira, zinavutika kwa kuzunguka mguu. Ukiweka kiraka kisichovutika goti halikunji, na siku atakayolazimisha panachanika pembeni. Kiraka kitoke kwenye jinzi inayovutika pia, kilale mvutiko wake ukielekea kuzunguka mguu, na mishono badala ya mistari iliyonyooka iende mshazari mshazari, isikazwe kabisa. Nimemshonea mke wangu moja hivyo, inakubali, ila haidumu kama ya nzito.

Kufua nako kunaua magoti. Sisi tunafua kwa mikono, na goti ndo lina uchafu mwingi kwa hiyo ndo linalokula brashi, tena kwenye sakafu ya zege. Mimi naloweka usiku kucha ndani nje, nafikicha kwa mkono, brashi hapana.

Ile suruali sasa ina miezi minne tangu nilivyoshona na nimepiga nayo magoti karibu kila siku. Tundu limetulia. Ila juzi nimeingiza tochi tena nikaona mwanga mwembamba umeanza juu ya kiraka kwa upande wa paja, mstari ulionyooka kabisa kama umepigwa rula. Nikageuza ndani nikaangalia, ni pale ambapo mistari yangu sita ya mwisho iliishia yote sehemu moja, usiku wa pili nilikuwa nimechoka sikuipishanisha. Nimefumua ncha za hiyo sita, kila nyingine nimeirefusha sentimita mbili juu zaidi na kuanzisha uzi mpya pale ziliporudi nyuma, na kwa ndani nimeongeza kipande cha upana wa vidole viwili. Goti la kushoto nalo tochi inapita kwenye sehemu ya ukubwa wa yai, tundu bado hamna. Hilo nalianza Jumapili.